Zima, Pima, Washa, Pima: Namna VPN ya Ofisi Inavyokwamisha Kazi za Mbali

Dada mmoja anayeshughulikia nyaraka za mizigo alihamia Morogoro huku akiendelea kuwa mwajiriwa wa kampuni ya uwakala wa forodha iliyo katikati ya Dar es Salaam. Utaratibu wa asubuhi ulikuwa rahisi: anawasha kompyuta mpakato, anaunganisha VPN ya ofisi, anafungua folda ya wateja iliyo kwenye seva ya Dar, kisha anaanza kazi. Lakini folda ilikuwa inachukua dakika nzima kufunguka. Kwenye kikao cha Zoom cha saa tatu sauti yake ilikuwa inakatakata, wenzake wakimwambia, "Dada, hatukusikii, zima kamera." Hati ya shehena iliyoskaniwa, faili la kawaida kabisa, ilikuwa inapanda hadi nusu kisha inaganda.

Alilalamika kwa mtoa huduma wake wa intaneti mara mbili. Alibadilishiwa ruta ya 4G, akahamia kwenye bando kubwa zaidi, na hali ikabaki vilevile. Ofisini walikuwa na jibu lao: Morogoro mtandao ni mbovu. Ila wenzake wa Tanga na Kibaha nao walikuwa wanalalamika, na hata mmoja aliyeko Mbezi, ambaye ofisi anaifikia kwa daladala. Mkurugenzi alikuwa na fomu mezani ya kuongeza laini ya ofisi kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 50, kwa mkataba mrefu. Mimi ni fundi wa mitandao, na niliitwa kabla hajatia saini.

Swali langu la kwanza kwa simu lilikuwa hili: "Dada, ukizima VPN, mtandao unakuwaje?"

Akanyamaza kidogo. "Kaka, sijawahi kuizima nikiwa kazini. Tuliambiwa isizimwe."

Alichoambiwa kilikuwa sahihi, na ndiyo maana kosa lilijificha kwa miezi. Watu 14 walikuwa wanafanya kazi nje ya ofisi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulinganisha hali mbili.

Kabla ya vipimo, tuelewe VPN ya ofisi inafanya nini. Ukiwa nyumbani, kompyuta yako haiwezi kuiona seva ya ofisini, kwa sababu seva ile imejificha nyuma ya ruta ya ofisi. VPN inachimba njia ya siri kati ya kompyuta yako na lango la ofisi. Kila pakiti ya data unayotuma inafungwa kwa usimbaji fiche, inatiwa ndani ya pakiti nyingine yenye anwani ya lango, na inasafiri kwenye intaneti kama barua iliyo ndani ya bahasha ya pili. Langoni bahasha ya nje inachanwa, na barua inapelekwa ndani. Mtu wa njiani anaona bahasha tu, hajui kilichomo. (Hii ni VPN ya kazi, tofauti na zile za simu ambazo watu hutumia kubadili nchi wanayoonekana wapo. Hata hivyo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipotoa tangazo Oktoba 2023 kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, liligusa kampuni pia. Ofisi yenye VPN ihakikishe mambo yake yamekaa sawa upande huo.)

Kazi hiyo ya kufunga na kufungua ina gharama, ila gharama halali ni ndogo. Kompyuta ya kawaida ya leo inasimba data kwa haraka kuliko laini ya nyumbani inavyoweza kuisafirisha, na bahasha ya nje inaongeza uzito wa asilimia chache. Kwa hiyo mtu akikuambia "VPN lazima iwe nzito", mkubalie kwa kiasi kidogo sana. Kasi ikipungua kutoka 18 hadi 16, hiyo ni VPN. Ikishuka kutoka 18 hadi 2, hapo kuna kitu kimepangwa vibaya.

Tukapanga kupima. Kwanza nilimwombea ruhusa kwa kijana wa TEHAMA wa ofisi, kwa sababu kuzima VPN bila idhini kunaweza kuvunja taratibu za kampuni, na kwenye baadhi ya ofisi imefungwa isizimike kabisa. Kisha nikamwambia afunge kila kitu cha kazi: folda ya wateja, barua pepe, mfumo wa mahesabu. VPN ikiwa imezimwa hakuna kazi ya ofisi inayofanyika, ni kupima tu.

Halafu akachomeka waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Watu wengi huruka hatua hii. Waifai ina hali zake, mtu akipita mlangoni au jiko la maikrowevu likiwaka kasi inaweza kubadilika, na ukiiacha ndani ya kipimo hutajua umepima VPN au ukuta wa chumba. Watoto waliokuwa wanaangalia katuni kwenye simu wakaombwa wapumzike robo saa.

Tulipima vitu viwili tu. Cha kwanza ni kasi ya kupakua na ya kupakia, kwa tovuti ya kupimia kasi. Hapa kuna mtego: tovuti hizo huchagua zenyewe seva ya kupimia iliyo karibu nawe, na VPN ikiwashwa zinaweza kudhani uko mji mwingine na kukubadilishia seva. Chagua seva moja kwa mkono wako, na ubaki nayo mwanzo hadi mwisho. Cha pili ni muda ambao pakiti ndogo inatumia kwenda na kurudi. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri kwa kuandika `cmd`, kisha:

```
ping -n 30 192.168.1.1
ping -n 30 1.1.1.1
```

Amri ya kwanza inaigusa ruta ya nyumbani (anwani ya ruta yako inaweza kuwa tofauti, mara nyingi imeandikwa chini yake). Jibu lirudi ndani ya milisekunde 1 au 2. Likichelewa hapo, tatizo liko ndani ya nyumba, na huna haja ya kuendelea. Amri ya pili inakwenda hadi kwenye seva ya umma huko nje. Namba 30 ni idadi ya pakiti. Zile nne ambazo Windows hutuma zenyewe ni chache mno kuonyesha mtandao unaoyumba.

Usipime mara moja ukatoa hukumu. Mtandao una mawimbi, dakika hii haulingani na ijayo. Ukizima VPN na kupima mara tatu mfululizo, kisha ukaiwasha na kupima mara tatu, huenda katikati hapo jirani alianza kupakua filamu. Pima kwa kupokezana: zima, pima, washa, subiri kama nusu dakika itulie, pima, zima tena, hadi upate vipimo vitatu kwa kila upande. Kisha chukua namba ya katikati, siyo ile nzuri kuliko zote. Na andika saa. Kwenye tatizo hili saa ndiyo iliyotupa jibu.

Haya ndiyo aliyoyaandika dada kwenye daftari lake siku ya Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi. VPN ikiwa imezimwa: kupakua megabiti 18.4 kwa sekunde, kupakia 9.7, kwenda na kurudi milisekunde 38. VPN ikiwa imewashwa: kupakua 1.6, kupakia 1.3, kwenda na kurudi milisekunde 210, tena ikiruka hadi 480 na kushuka.

"Kumbe mtandao wangu ni mzima!" alisema. Nilimsikia akicheka kwa uchungu. Alikuwa amelipia bando kubwa kwa miezi mitatu.

Ila hadi hapo tulikuwa tunajua mahali pa tatizo tu, sababu yake bado. Nikamwomba arudie vipimo vilevile saa mbili usiku. VPN ikiwa imezimwa, karibu sawa na asubuhi. VPN ikiwa imewashwa: kupakua 15.1, kupakia 8.9, kwenda na kurudi milisekunde 49.

Zitazame vizuri namba hizo. VPN ni ileile, kompyuta ni ileile, usimbaji fiche ni uleule. Kama kufunga bahasha ndiko kungekuwa kunachelewesha, usiku kungechelewesha vilevile. Kilichobadilika kati ya asubuhi na usiku ni watu. Usiku wenzake 13 wamezima kompyuta zao. Maana yake kuna sehemu fulani ya njia ambayo wote wanaitumia kwa pamoja, na asubuhi inajaa.

Sheria hii itakusaidia popote. Ukiona VPN inaongeza ucheleweshaji uleule usiku na mchana, shuku umbali. Ukiona ucheleweshaji unapanda na kushuka kufuatana na saa za kazi, shuku msongamano. Umbali una hesabu yake isiyobishaniwa: mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kati ya Morogoro na Dar ni karibu kilomita 200, kwa hiyo umbali wenyewe hauli zaidi ya milisekunde 2 au 3 kwenda na kurudi. Lakini kuna ofisi ambazo zimekodi lango la VPN kwenye mashine iliyoko Ulaya. Tuseme mkongo wa baharini hadi huko una urefu wa kilomita 10,000. Pakiti itatumia milisekunde 100 kwenda na kurudi hata kama dunia nzima imelala. Na kama faili lenyewe liko Dar, linatoka Dar kwenda Ulaya kisha linarudi Morogoro. Hapo hakuna laini ya nyumbani utakayonunua ikasaidia. Dawa ni kulileta lango karibu. Kwa dada huyu lango lilikuwa Dar, na namba za usiku zilithibitisha kwamba umbali hauna kosa.

Ili kuona njia yenyewe tulitumia amri ya kufuatilia vituo, kwanza VPN ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa:

```
tracert -d 1.1.1.1
```

VPN ikiwa imezimwa, kituo cha kwanza kilikuwa `192.168.1.1`, ruta yake ya nyumbani, kisha mtoa huduma wake. Ikiwa imewashwa, kituo cha kwanza kilikuwa `10.8.0.1`, yaani lango la ofisi, kisha mtoa huduma wa ofisi. Angalia kwamba anwani tuliyoifuatilia haihusiani na ofisi hata kidogo. Ni seva ya umma. Bado ili kuifikia, pakiti za dada zilitoka Morogoro, zikaingia ofisini Dar, ndipo zikatoka kwenda duniani.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. VPN ilikuwa imepangwa ibebe kila kitu: faili za ofisi, ndiyo, lakini pia Zoom, pia mfumo wa forodha wa TRA unaofunguliwa kwenye kivinjari, pia masasisho ya Windows, pia video za YouTube za mapumziko ya mchana.

Sasa piga hesabu ya laini ya ofisi. Kikao cha video chenye picha nzuri hula takriban megabiti 2 kwa sekunde kila upande. Video inayomwendea dada inaingia kwanza ofisini kutoka kwenye intaneti, kisha inatoka ofisini kwenda Morogoro. Picha yake yeye inaingia ofisini kutoka Morogoro, kisha inatoka kwenda kwenye intaneti. Kwa hiyo mtu mmoja wa mbali aliyeko kwenye kikao anakula megabiti 4 za kuingia na 4 za kutoka kwenye laini ya ofisi, wakati kikao chenyewe hakihitaji kufika ofisini. Watu wanane wakiwa kwenye kikao cha Jumatatu ni megabiti 32, na laini ina 20. Pakiti zinapanga foleni langoni, foleni ikijaa nyingine zinatupwa, na sauti inakatakata. Waliokuwa wameketi ofisini nao waliteseka saa zilezile, ila wao walidhani ni mvua.

Nilipofungua mpangilio wa seva ya VPN, ambayo ilikuwa OpenVPN, nilikuta mstari niliokuwa nautarajia:

```
push "redirect-gateway def1"
```

Mstari huu unaiambia kila kompyuta inayojiunga: kuanzia sasa, njia yako ya kwenda popote ni mimi. Kijana wa TEHAMA alinieleza bila kuficha. Alifunga VPN hiyo wakati wafanyakazi wa mbali walikuwa watatu, akifuata maelekezo aliyoyakuta mtandaoni, na maelekezo yale yaliandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujilinda kwenye waifai ya hotelini. Kwa watu watatu hakuna aliyehisi kitu. Kosa lilikomaa polepole kadiri watu walivyoongezeka.

Tuliuondoa mstari huo tukaweka huu:

```
push "route 192.168.10.0 255.255.255.0"
```

`192.168.10.0` ni mtandao wa ndani wa ofisi ile. Sasa VPN inasema: ukitaka kwenda kwenye mtandao huu wa ofisi pita kwangu, kwingineko nenda kwa njia yako ya kawaida. Kwa wanaotumia WireGuard, mahali pa kuangalia ni mstari wa `AllowedIPs` kwenye kompyuta ya mfanyakazi. Ukikuta `0.0.0.0/0`, kila kitu kinabebwa. Ukikuta mtandao wa ofisi pekee, njia zimegawanywa.

Kugawa njia si jambo la kufanya kwa kila ofisi, na sitaki msomaji akimbilie kufuta mistari. Benki, kwa mfano, inaweza kuwa na sababu nzito ya kutaka kila tovuti anayofungua mfanyakazi ipite kwenye vichujio vyake. Ofisi ya namna hiyo haijakosea kubeba kila kitu. Itakuwa imekosea kama haikununua laini inayotosha mzigo huo. Lakini kwa ofisi ndogo na ya kati isiyo na kichujio chochote langoni, kuzungusha video za watu kwenye laini yake hakumlindi mtu yeyote. Zoom na tovuti karibu zote za kazi zina usimbaji fiche wao wenyewe. Mwaka 2020, watu wengi duniani walipohamia kufanya kazi nyumbani, Microsoft wenyewe walizishauri ofisi ziache simu na vikao vya Teams vipite nje ya VPN. Hukumu yangu ni kwamba ofisi ndogo igawe njia.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu na nusu, dada akapima tena. VPN ikiwa imewashwa: kupakua 17.9, kupakia 9.5, milisekunde 39. Kikao cha Zoom kikaenda bila mtu kumwambia azime kamera. Kijana wa TEHAMA akanipigia simu kunishukuru.

Baada ya saa moja dada naye akapiga. Hati ya shehena imeganda tena.

Hapa pana funzo la kupima ambalo hata mafundi husahau. Baada ya kugawa njia, ile tovuti ya kupimia kasi haipiti tena kwenye VPN. Tunaiwasha VPN, tunapima, tunaona namba nzuri, kumbe tumepima laini ya nyumbani tu. Zile namba 17.9 na 9.5 hazikuwa zinasema lolote kuhusu njia ya kwenda ofisini. Njia zikishagawanywa, VPN inapimwa kwa kitu kilicho upande wa pili wake: seva ya ofisi.

Kipimo rahisi ni kunakili faili moja huku ukiangalia saa. Tulichukua faili la megabaiti 20. Kumbuka kwamba faili huhesabiwa kwa megabaiti na laini kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabaiti 20 ni megabiti 160. Laini ya dada inapakia 9.7 kwa sekunde, basi faili lingepaswa kufika kwa sekunde 17 hivi, tuseme 20 pamoja na bahasha zake. Tulisubiri dakika tatu. Faili halikufika.

Cha ajabu, folda zilikuwa zinafunguka haraka, barua ndogo za kurasa mbili zilikuwa zinakwenda, na ping kwenye seva ilijibu vizuri kabisa. Vidogo vinapita na vikubwa vinakwama: dalili hiyo ukishaikuta mara moja huisahau. Ni tatizo la ukubwa wa pakiti.

Rudi kwenye mfano wa bahasha. Pakiti ya kawaida ya mtandao ina ukomo wa baiti 1500, kama tundu la sanduku la barua. Kompyuta ikijaza barua hadi baiti 1500, kisha VPN ikaitia kwenye bahasha ya pili, kifurushi kinazidi tundu. Kinaweza kukatwa vipande viwili na kuunganishwa mbele ya safari, lakini si kila mtandao unakubali vipande, na baadhi ya mitandao ya simu tundu lake ni dogo kuliko 1500. Pakiti kubwa zinatupwa kimyakimya, kompyuta inazituma tena, zinatupwa tena, na wewe unaona mstari wa kijani umesimama nusu.

Ukubwa unaopita unapimwa kwa kutuma pakiti isiyoruhusiwa kukatwa, ukibadilisha namba hadi ujue mpaka:

```
ping -f -l 1472 192.168.10.5
ping -f -l 1300 192.168.10.5
```

`192.168.10.5` ni seva ya ofisi. Namba 1472 haikuchaguliwa ovyo: ukiongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500 kamili. Kwa dada, 1472 haikurudi, `Request timed out`. 1300 ikarudi. 1400 haikurudi, 1350 ikarudi. Tukasogea kidogo kidogo hadi 1372 ikarudi na 1380 ikakataa. 1372 na 28 ni 1400: barua yake isizidi hapo.

Tukaongeza mstari mmoja kwenye seva ya VPN, unaozifanya kompyuta za pande zote mbili zikubaliane tangu mwanzo kutuma vipande vidogo:

```
mssfix 1400
```

Namba hii inahesabu mzigo baada ya kutiwa kwenye bahasha ya nje, kwa hiyo barua ya ndani inabaki chini ya ukomo tulioupima. Wanaotumia WireGuard hurekebisha mstari wa `MTU`, ambao kwa kawaida huwa 1420. Kwenye laini za simu zenye tundu dogo unashushwa hadi kama 1380 au 1280. Faili lile la megabaiti 20 likafika kwa sekunde 21.

Yapo makosa mengine, na nitayapitia upesi. Ukikuta kasi kupitia VPN inagota kwenye namba ileile usiku na mchana, hata laini ikiwa tupu, angalia ruta ndogo inayobeba VPN ofisini. Huenda kichwa chake hakiwezi kusimba zaidi ya hapo. Ukikuta VPN imewashwa na seva ya ofisi haionekani kabisa, linganisha anwani: kama nyumbani na ofisini wote wanatumia `192.168.1.0`, kompyuta haijui seva unayoitaka ni ya sebuleni au ya Dar. Na kama umezima VPN na bado mtandao ni mzito, basi VPN haina hatia, nenda kwa mtoa huduma wako na namba zako mkononi.

Namba hizo ndizo ninazowaomba wasomaji wanaofanya kazi mbali na ofisi waziandike kabla ya kupiga simu. "Mtandao unasumbua" ni maneno ambayo kila fundi ameyasikia mara elfu na hayamwonyeshi pa kuanzia. Mwambie hivi: saa tatu na nusu, kwa waya, VPN imezimwa 18.4, imewashwa 1.6, saa mbili usiku imewashwa 15.1. Akiwa anaijua kazi yake, atafungua mpangilio wa seva kabla hujakata simu.

Fomu ya megabiti 50 haikutiwa saini. Laini ya ofisi ile bado ni ya megabiti 20, na wafanyakazi wa mbali sasa wamefika 17.